Kila Badiliko Shilingi Elfu Moja

Mwanzoni nilikuwa nikitengeneza tovuti kwa maneno ya mdomo. Mteja alikuja, tukaelewana bei, nikaanza kazi. Halafu yakaanza: badilisha rangi, sogeza hii picha, binti yangu anasema herufi ni ndogo, pasta ameona akasema tuongeze mstari wa Biblia. Mwenye duka moja la dawa za mifugo alinizungusha miezi mitano kwa kazi ya wiki mbili, na kila mara akinipigia simu alianza na maneno yale yale: "Madam, ni kitu kidogo tu."

Baada ya huyo nilijifungia siku nzima nikaandika kwotesheni ya namna nyingine. Ilikuwa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema kazi ni nini: kurasa tano, picha zisizozidi ishirini, fomu moja ya kuulizia bidhaa, kitufe kimoja cha kijani cha kutuma ujumbe kwa simu, anwani ya tovuti pamoja na mahali pa kuihifadhi kwa mwaka mmoja. Bei shilingi elfu thelathini na tano, nusu kabla ya kazi, nusu kabla ya tovuti kufunguliwa. Ya pili ilisema nini hakimo. Mteja ana raundi mbili za masahihisho kabla ya kufungua. Baada ya hapo, kila badiliko ni shilingi elfu moja, inalipwa kwanza, na badiliko maana yake ni kitu kimoja: picha moja, aya moja, namba moja. Chini niliacha mistari miwili, wa saini yangu na wa saini ya mteja.

Niliipenda ile karatasi. Nilikuwa na chumba cha kupanga pale Mamboleo, juu ya duka la vipuri, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nililala bila kuogopa simu ya asubuhi. Mtu akisema ni kitu kidogo tu, nilimjibu kwa upole kwamba kitu kidogo ni elfu moja. Wengi waligundua hapo hapo kwamba hawakukihitaji.

Wale mume na mke kutoka Port Victoria walikuja wakati karatasi yangu ilikuwa na umri wa mwaka na nusu hivi. Walikuwa wakiuza omena, yaani dagaa wa ziwani, iliyosafishwa na kufungwa kwenye pakiti, robo, nusu na kilo. Mke ndiye aliyekuwa akiianika, akiichambua mchanga, akiipima, na siku mbili kwa wiki alikuwa na meza katika soko la Kibuye. Mume alikuwa na sauti na kicheko, na ndiye aliyejulikana. Biashara ilikuwa na jina la boma lao, jina la baba yake mume, na yeye alilitamka kama mtu anayetambulisha kwaya.

"Watu wa Nairobi wanataka kuona kitu kwa simu ndiyo waamini," aliniambia. "Wakikuona kwa simu, wewe ni kampuni."

Niliwasomea karatasi zote mbili, mstari kwa mstari. Mume aliuliza kama samaki wangeweza kuogelea kwenye ukurasa wa mbele. Nikamwambia hiyo iko nje ya kazi. Alicheka akampiga mkewe bega. Mke hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Bei ya omena inapanda na kushuka," alisema. "Ziwa likifungwa tusivue, inapanda. Sasa nikitaka kubadilisha bei ya robo, nusu na kilo, hiyo ni elfu tatu?"

Nilimwambia ndiyo, na kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kile chumba. Nikamshauri tusiandike bei hata moja. Tuandike "piga simu upate bei ya leo," na namba iwe kila mahali: juu ya kila ukurasa, chini ya kila picha, ndani ya kitufe cha kijani. Alifikiri kidogo akakubali. Namba ilikuwa yake, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea oda. Anwani ya tovuti pia niliiandikisha kwa barua pepe yake, kwa sababu mume hakuwa na barua pepe. Na malipo ya nusu ya kwanza yaliingia kwenye simu yangu kutoka simu ya mke, tukiwa tumekaa pale pale.

Kisha nikampa mume kalamu.

Sikufikiria. Alikuwa ameketi karibu na meza, alikuwa ndiye mwanamume, alikuwa ndiye msemaji. Alisaini kwa madaha, saini ndefu yenye mkia, na mke akakunja nakala yao akaiweka kwenye mfuko wa plastiki.

Raundi za masahihisho kama zao sijaziona tena kwa mteja mwingine. Mke alikuja na daftari. Alikuwa ameandika kila kitu alichotaka kibadilishwe, kwa namba, ili yote yahesabiwe raundi moja. Kwenye picha ya ukurasa wa "Sisi ni nani," mume alikuwa amesimama mbele ya nyavu za kuanikia akitabasamu, mke amepiga magoti nyuma yake akigeuza omena. Mume alitaka picha nyingine ambayo mke amesimama pia. Mke akasema hii ndiyo ya kweli, iachwe.

Tovuti ikafunguliwa, oda zikaanza. Si nyingi, lakini za watu wasiowajua, na hilo liliwafurahisha kuliko wingi. Kulikuwa na mama mwenye maduka mawili Nairobi, na shule ya bweni upande wa Nakuru iliyochukua kilo arobaini kila wiki mbili. Mke alinipigia mara moja kuniambia kuhusu hiyo shule. Hakutaka badiliko lolote. Alitaka tu kuniambia.

Mume alifariki mwaka huo huo. Alianguka asubuhi akinyoa ndevu, pressure, wakamfikisha hospitali amekwishapoteza usemi. Nilipata habari kutoka kwa mteja mwingine wa Port Victoria. Nilituma mchango wangu wa mazishi kwa simu, nikamwandikia mke ujumbe wa pole, akanijibu kwa maneno mawili: "Ero kamano." Asante. Sikwenda mazishini. Nilikuwa na kazi ya hoteli iliyokuwa na tarehe.

Kama miezi miwili hivi baadaye, asubuhi, mwanamume alipanda ngazi zangu akiwa na ule mfuko wa plastiki. Niliutambua kabla ya kumtambua yeye. Alikuwa na uso wa marehemu, ila bila kicheko. Alijitambulisha kuwa kaka mkubwa. Aliketi, akatoa kwotesheni yangu, akaitandaza juu ya meza.

"Madam, hii ni karatasi yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Hapa umesema kila badiliko shilingi elfu moja."

"Ndiyo."

"Familia imekaa. Nina mabadiliko manne."

Alikuwa ameyaandika pembeni kwa kalamu. Namba ya simu ibadilishwe, iwekwe yake. Fomu ya kuulizia itume barua kwa mwanawe wa kiume. Picha ya "Sisi ni nani" itolewe, iwekwe ya marehemu peke yake, ile ya kwenye programu ya mazishi. Na ile aya iliyosema biashara inaendeshwa na mume na mke isomeke kwamba ni biashara ya familia ya boma lile.

Nilimuuliza kama shemeji yake anajua. Alinitazama kwa uvumilivu, kama mtu anayemfafanulia mtoto.

"Yule yuko kwenye majonzi. Hawezi kushughulika na simu za watu. Injini ya boti nilinunua mimi. Nyavu nilinunua mimi. Jina ni la baba yangu. Sasa aliyesaini hapa ni nani?"

"Marehemu."

"Na marehemu ni ndugu yangu. Au kuna mahali karatasi yako inasema kitu kingine?"

Hakukuwa na mahali. Nilisoma tena ukurasa wa pili, mbele yake, nikitafuta mstari ambao nilijua sikuuandika. Karatasi ilisema badiliko ni nini. Ilisema bei yake, na kwamba linalipwa kwanza. Haikusema nani ana haki ya kuliomba.

Nilipiga simu kwa mke. Mteja hapatikani. Nilipiga mara moja. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile na haibadiliki: mara moja. Yule mzee alikuwa ameshatoa simu yake na kutuma elfu nne, na simu yangu ikalia juu ya meza kati yetu. Alikunja mikono akangoja.

Kazi yenyewe ilinichukua chini ya nusu saa. Namba haikunichukua hata dakika. Nilipotengeneza ile tovuti niliiweka mahali pamoja tu, na kurasa zote zikaisoma kutoka hapo, ili siku mke akibadilisha laini nisihangaike kuitafuta. Nilijivunia ufundi huo. Nikafuta tarakimu kumi, nikaandika nyingine kumi, nikahifadhi, na kila ukurasa, kila picha, na kile kitufe cha kijani vikageuka kwa pamoja. Nikamwonyesha kwa simu yake. Aligusa kitufe, simu yake ikafungua ujumbe kwa namba yake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikamwandikia risiti ya mabadiliko manne.

Nilijiambia nitampigia mke jioni. Jioni nikajiambia kesho. Ukitaka kujua kama mtu anajua amekosea, angalia ni simu gani hapigi.

Alikuja mwenyewe baada ya wiki tano. Alikuwa amekonda, na nguo nyeusi ilimfanya aonekane mrefu. Hakuketi.

"Nyathina," aliniambia, ingawa hanizidi hata miaka kumi. Mwanangu. "Simu yangu imenyamaza. Nilifikiri watu wameogopa matanga. Nikampigia yule mama wa Nairobi kumuuliza kama bado anataka mzigo. Akaniambia, lakini si nilituma oda kwenu wiki iliyopita, na nimepokea, na mbona sasa ina mchanga?"

Nilimwambia yote. Nilianza na ile simu niliyompigia, kwamba hakupatikana, na nikasikia jinsi ilivyotoka mdomoni mwangu kama risiti.

"Siku hiyo ungenipigia tena," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa ufuoni. Huko chini simu haishiki mpaka upande kwenye barabara."

Akatazama dirishani. Chini mtu alikuwa akigonga rimu ya gari kwa nyundo, akipumzika, akigonga tena.

"Unajua alitaka kuingia nyumbani kwangu?" alisema. "Kabla hata udongo haujakauka. Alisema ndiyo mila, mjane arithiwe na shemeji. Nikamwambia mimi nimeokoka na nina watoto watatu, sihitaji mtu. Nikafunga mlango. Sasa ameingia kwa simu, na wewe ndiye umemfungulia."

Nilimwambia ninarudisha kila kitu sasa hivi, bila malipo. Nakala ya zamani nilikuwa nayo. Alifungua mkoba.

"Ni mabadiliko mangapi?"

"Mama, tafadhali. Hii si ya kulipa."

"Yeye alilipa. Una karatasi yake ya elfu nne?"

"Ninayo."

"Basi na mimi nataka ya elfu nne. Nisipolipa atasema ulinifanyia huruma. Atasema yeye ndiye mteja na mimi ni mjane aliyelia kwa ofisi yako." Alihesabu noti nne juu ya meza na kuzisukuma kwangu kwa ncha za vidole. "Andika jina langu lote. Na uandike, mwenye biashara."

Nilizichukua zile pesa. Nilizichukua kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu kukataa kungekuwa kwa ajili yangu, si kwake. Nikarudisha namba, fomu, picha, na aya. Nilipoifungua picha ili aihakikishe, mume akitabasamu mbele ya nyavu na yeye nyuma amepiga magoti, aliitazama, kisha akasema sawa, imerudi, na akashuka ngazi.

Kaka mkubwa alinipigia kesho yake. Oda zilikuwa zimekoma kwake kama zilivyokuwa zimekoma kwa mke.

"Uliniuzia mabadiliko manne," alisema. "Umeyavunja bila kuniuliza. Huo ni wizi."

Nikamwambia namrudishia pesa yake, nikaituma tukiwa bado tunaongea. Akairudisha. Nikaituma tena, akairudisha tena, na mara ya pili akaniambia tutaonana kwa ofisi ya naibu wa chifu. Sikuamini mpaka simu ilipokuja kutoka huko huko, mtu mwenye sauti ya kuchoka akiniomba nifike na "makaratasi ya hiyo kompyuta."

Nilichapisha kila kitu: kwotesheni, tarehe za mabadiliko, nani aliomba, nani alilipa, jumbe za malipo tangu ile nusu ya kwanza. Njiani kwenda Port Victoria niliyasoma tena na tena. Nilivyoyasoma zaidi ndivyo nilivyoona kwamba nilikuwa nimeandika kwa makini sana juu ya vitu ambavyo mtu angeweza kuniibia mimi. Picha isiyohesabiwa. Aya ya ziada. Juu ya madhara ambayo mimi ningeweza kumletea mtu, hakukuwa na sentensi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati na benchi mbili. Kaka mkubwa alikuja na wanaume wawili wa boma na yule mwanawe. Mke alikuja na dada yake. Naibu wa chifu alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye mara mbili aliuliza tovuti ni nini hasa, si kwa ujinga, bali ili ajue anaamua nini.

"Ni kama meza ya sokoni?" aliuliza. "Au ni kama kibao cha kuonyesha njia ya meza?"

"Ni kibao, mzee," nilisema. "Meza ni simu."

Kaka mkubwa aliongea kwanza, na lazima niseme aliongea vizuri. Alisema alimpa mdogo wake mtaji wakati hana kitu. Alisema jina lililo kwenye tovuti ni jina la baba yao aliyezikwa pale, na si haki jina la mtu aliyekufa litumiwe na mke wa nyumba moja huku nyumba nyingine zikitazama. Alisema alikwenda kwa fundi akafuata karatasi ya fundi, akalipa, akapewa risiti. "Mimi sikuvunja mlango," alisema. "Nilipita kwenye mlango ulio na bei."

Naibu wa chifu akanigeukia. "Madam, pesa ya kutengeneza ilitoka kwa nani?"

"Kwa simu ya huyu mama. Nusu zote mbili."

"Pesa ya mume wake," alisema mmoja wa wale wanaume.

"Pesa ya omena," alisema dada.

"Na hiyo anwani, imeandikwa kwa nani?"

"Kwa barua pepe ya mama."

"Na aliyesaini?"

"Marehemu."

"Sasa wewe kwa kazi yako, mwenye mali ni nani?"

Watu wote walinitazama. Hata leo nikiwa nafua nguo au nimekaa kanisani huwa nafikiria majibu mazuri ambayo ningeweza kutoa. Nililotoa lilikuwa hili: "Karatasi yangu inamtambua aliyesaini. Sikuandika lolote kuhusu mtu akifa. Nilipaswa kumuuliza mama kabla ya kubadilisha. Sikumuuliza."

Kaka mkubwa akasema, unaona, hata yeye hajui. Naibu wa chifu akasema mambo ya injini na nyavu na shamba ni ya mahakama ya urithi, yeye hawezi kuyagawa, lakini hili la tovuti anaweza kujaribu, na alikuwa anaanza kupendekeza namba zote mbili ziwekwe, ya mke na ya kaka, moja juu ya nyingine, wateja wachague. Wanaume wa boma walianza kuitikia. Nilikuwa naona ukurasa ule kichwani tayari, namba mbili zikitazamana.

"Zima," mke alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Alinigeukia.

"Kuzima kabisa, watu wasione kitu, ni mabadiliko mangapi?"

"Mama..."

"Ni mangapi?"

"Moja," nilisema.

"Jina ni lao, wachukue jina. Baba yao apumzike nalo. Anwani ni yangu, iko kwa barua yangu, na nasema izimwe." Alitoa noti ya elfu moja akaiweka juu ya meza ya naibu wa chifu, juu ya makaratasi yangu. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeomba. "Lakini kwanza nitolee ile picha. Uniwekee kwa simu."

Kaka mkubwa alifungua mdomo. Nilitegemea kelele. Badala yake aliutazama mlango, akasema kwa sauti ndogo kwamba hawakuja pale ili kitu kizimwe. Nadhani alisema kweli. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kibao kikiondolewa hata yeye hana pa kuelekeza watu, na nadhani pia alikuwa amezoea kuuona uso wa ndugu yake pale, kwenye simu.

Naibu wa chifu aliniuliza kama mama ana uwezo wa kuamuru hivyo. Nikamwambia anwani ikiwa kwa barua pepe yake, hata mimi nikikataa anaweza kwenda kwa fundi mwingine yeyote. Basi akasema, fanya.

Nilifungua kompyuta yangu juu ya magoti nikatumia intaneti ya simu. Nilishusha picha nikamtumia. Simu yake ililia, akaifungua akaona, akaikandamiza kifuani. Kisha nikaizima tovuti. Mwana wa kaka mkubwa, aliyekuwa ameifungua kwenye simu yake muda wote ule, akasema, "Imeenda."

Nilimwandikia risiti pale pale, badiliko moja. Niliharibu ya kwanza nikaandika nyingine.

Niliongeza mistari kwenye kwotesheni yangu wiki hiyo. Sasa inasema maombi ya mabadiliko yatapokelewa kwa maandishi kutoka kwa mtu aliyetajwa tu, na mtu huyo achaguliwe na wanaoendesha biashara, si na mimi kwa kutoa kalamu. Inasema mteja ataje mtu wa pili atakayeshika nafasi yake akifa au akiugua. Wateja wakifika hapo huwa wanacheka kwa wasiwasi na kuuliza kwa nini tovuti inataka habari za kifo. Wengine hukataa kuujaza mstari huo. Siwalazimishi, lakini siandiki saini yangu mpaka wamejaza, kwa hiyo nimepoteza kazi mbili hivi.

Mke nilimtafuta Kibuye miezi kadhaa baadaye. Alikuwa kwenye meza yake, omena imepangwa kwenye karai, pakiti zikiwa na karatasi mpya iliyoandikwa kwa mkono jina lake la ubini, la kwao. Nilimwambia nataka kumtengenezea tovuti nyingine, bila malipo yoyote, kurasa anazotaka, mabadiliko anayotaka.

Alimhudumia mteja kwanza. Alipima nusu, akaongeza kidogo juu, akafunga.

"Ile shule bado inanunua kwa shemeji," alisema. "Wamemzoea. Mama wa Nairobi alirudi, wengine hawajarudi." Alifuta mizani kwa kitambaa. "Sina hasira na wewe, nyathina. Lakini nikiona jina lako kwa simu bado naigeuza kifudifudi. Ngoja kwanza."

Nilinunua kilo moja. Alinipa chenji kamili, tukaagana, nikatoka sokoni na mzigo wangu chini ya jua.